Kutoa densiti kwa g/cm³ kwenda kg/m³ ukitumia jedwali la vifaa: anza na mstari wa maji

Sababu ya kuandika hii ni kwamba watu wengi wanajua "unazidisha na elfu moja" lakini hawajui ni lini hawafai kuzidisha, na hapo ndo hesabu inaharibika. Jedwali la densiti uko nalo kwa simu, linasema chuma ni 7.85, vipimo vyako viko kwa mita juu ndo venye tepu inasoma, na unataka kujua mzigo utakuwa kilo ngapi kabla ulipe gari. Hiyo 7.85 haiwezi kuingia kwa hesabu ya mita venye iko, lazima uibadilishe kwanza, na kabla hujaibadilisha lazima ujue ni 7.85 ya nini.

Nitatumia kazi moja tu mpaka mwisho karibu, shiti ya chuma ya futi 8 kwa 4, unene milimita 3, ile inauzwa kila mahali kuanzia Indastrial Area mpaka Kariobangi Laiti, fundi anatengeneza nayo mageti. Swali ni hili: shiti moja ni kilo ngapi, na pikapu ya tani moja itabeba ngapi.

Hatua ya kwanza, tafuta maji kwenye jedwali

Kabla uangalie chuma, kabla uangalie kitu ingine yoyote, shuka chini mpaka upate mstari wa maji. Hii ndo hatua watu wanaruka na ndo ya maana kushinda zote, juu maji densiti yake kila mtu anaijua bila kutafuta, kwa hivyo inakuambia jedwali lote limeandikwa kwa yuniti gani hata kama kichwa cha safu kimekatwa, ama mtu alipiga picha ya ukurasa akaacha juu.

Maji ikiwa 1, ama 1.00, ama 0.998, basi jedwali liko kwa g/cm³ na namba zote unazidisha na 1000. Hiyo 0.998 isikusumbue, ni maji ya joto la digrii 20, yale ya 1.00 kamili ni ya digrii 4 hivi. Maji ikiwa 1000 ama 998, jedwali tayari liko kwa kg/m³, usiguse kitu. Na ukikuta maji ni 62.4, hiyo ni ya ratili kwa futi za ujazo, mambo ya Wamarekani, chuma hapo itakuwa kama 490, na hiyo unazidisha na 16.02 kupata kg/m³, si na elfu moja. Mtu akichukua 490 azidishe na 1000 anapata laki nne na tisini elfu kwa kila mita ya ujazo na hakuna kitu duniani iko na uzito kama huo, lakini kalkuleta haitamwambia, itampea tu jibu.

Kuna vichwa vya safu vingine unafaa kuvizoea. g/mL, kg/L na t/m³ zote zinabeba namba ileile kama g/cm³. Mililita moja ni sentimita moja ya ujazo, kwa hivyo g/mL na g/cm³ ni kitu moja. Lita moja ni mililita elfu na kilo moja ni gramu elfu, zinapanda pamoja, namba haibadiliki. Tani na mita ya ujazo pia ni hivyo hivyo. Kwa hivyo ukiona 7.85 kg/L wewe zidisha na 1000 bila wasiwasi.

Lakini g/L chunga sana. Hiyo hutumika kwa gesi na iko sawa na kg/m³ moja kwa moja. Hewa ni kama 1.2 g/L, na ni 1.2 kg/m³. Ukizidisha hiyo na elfu moja unapata 1200, yaani unasema hewa ni nzito kushinda maji. Majedwali mengine huweka gesi ukurasa mmoja na vyuma na zinabadilisha yuniti katikati, kwa hivyo ukifika sehemu ya gesi angalia kichwa upya, maji ya juu hayakusaidii tena pale.

Halafu kuna ile ya kichwa kusema 10³ kg/m³. Hii imechanganya wanafunzi wengi. Mtu anaona kg/m³ anadhani iko tayari, anaandika chuma ni 7.85 kg/m³. Hiyo 10³ maana yake ni kwamba kila namba chini yake imegawanywa na elfu moja ili jedwali lisijae masifuri, wewe unazidisha kuirudisha. Hata hapa mstari wa maji unakuokoa, juu utaona maji ni 1.00 na unajua mita moja ya ujazo ya maji haiwezi kuwa kilo moja, tangi la lita elfu moja pale juu ya nyumba likijaa ni tani nzima ya maji.

Hatua ya pili, chagua mstari wenyewe

Hapa sitakaa sana, ila "chuma" kwenye jedwali si kitu moja. Kuna chuma cha kawaida cha shiti, pleti na nondo, hiyo ni 7.85. Kuna chuma cha kumimina, kile cha vifuniko vya manholi na bloku za injini, hiyo ni kama 7.2. Kuna stenlesi ya masufuria na sinki, kama 8.0. Shiti yetu ni ya kawaida kwa hivyo tunachukua 7.85.

Ukikosea hapa makosa si makubwa sana kati ya chuma na stenlesi, ni kama asilimia mbili, lakini ukichukua mstari wa alumini ambayo ni 2.70 umepotea kabisa, na kwa simu yenye kioo kidogo macho yanateleza mstari kwa urahisi. Weka kidole ama rula chini ya mstari ukisoma. Najua inaonekana kama kitu ya watoto lakini fanya tu.

Hatua ya tatu, zidisha na 1000, na ujue hiyo elfu imetoka wapi

7.85 mara 1000 ni 7850. Basi. Densiti ya chuma ni 7850 kg/m³. Unasogeza nukta mara tatu kwenda kulia, na mahali namba zimeisha unajaza sifuri.

Sasa mbona elfu moja na si mia moja, na mita moja ni sentimita mia? Hili swali ni la haki kabisa, na jibu lake ndo litakufanya usisahau tena. Chukua sanduku la mita moja kila upande, urefu, upana na kimo. Ndani panga vijisanduku vya sentimita moja kila upande. Kwa mstari mmoja wanaingia 100. Mistari ya kujaza sakafu ni 100, kwa hivyo sakafu peke yake imechukua 10,000. Na unapanga tabaka 100 kwenda juu, jumla 1,000,000. Milioni moja, hiyo mia imetumika mara tatu.

Kila kijisanduku kikiwa cha chuma ni gramu 7.85. Viko milioni moja, kwa hivyo sanduku lote ni gramu 7,850,000. Lakini sisi hatutaki gramu, tunataka kilo, na kilo moja ni gramu elfu, gawa na 1000 unabaki na 7850. Yaani kuna milioni inazidisha na kuna elfu inagawa, zikikutana inabaki elfu moja ya kuzidisha.

Ukishaona hivyo utajua makosa ya watu yanatoka wapi. Anayezidisha na 100 amebadilisha urefu pekee akasahau ni ujazo. Anayezidisha na 1,000,000 amebadilisha ujazo vizuri akasahau gramu. Anayegawa na 1000 amebadilisha gramu vizuri akasahau ujazo, na huyo ndo wako wengi, juu kichwani anawaza "kutoka gramu kwenda kilo unagawa", ambayo ni kweli lakini ni nusu ya kazi.

Vitu vichache vya kuzoesha jicho:

| Kitu | g/cm³ | kg/m³ |
|---|---|---|
| Maji | 1.00 | 1000 |
| Alumini | 2.70 | 2700 |
| Zege | 2.4 | 2400 |
| Kioo cha dirisha | 2.5 | 2500 |
| Chuma cha kawaida | 7.85 | 7850 |
| Shaba nyekundu | 8.96 | 8960 |
| Risasi | 11.34 | 11340 |

Kitu kinachoelea kwa maji lazima kiwe chini ya 1000, kinachozama lazima kiwe juu. Barafu ni 0.917, kwa hivyo 917, na inaelea. Mbao nyingi laini zikiwa kavu ziko kati ya 400 na 550, zinaelea. Ukibadilisha mbao ukapata 5000, rudi nyuma.

Kingine, ile sifuri ya mwisho kwa 7850 isikudanganye kwamba umepata usahihi zaidi. Jedwali lilikupea tarakimu tatu, bado uko na tatu. Zege ikiandikwa 2.4, hiyo 2400 yako ni ya kukadiria, usianze kubishana na mtu kuhusu kilo 10.

Hatua ya nne, vipimo vyote viingie mita

Densiti ikiwa kg/m³, basi urefu, upana na unene zote lazima ziwe mita. Watu wanabadilisha densiti vizuri halafu wanaacha unene kwa milimita, na shiti inatoka tani sabini.

Futi 8 ni mita 2.44 na futi 4 ni mita 1.22, kwa kukadiria. Milimita 3 ni mita 0.003. Hizi sifuri mbili baada ya nukta zihesabu kwa kidole, juu ukiandika 0.03 umesema shiti ya sentimita tatu.

```
2.44 × 1.22 × 0.003 = 0.00893 m³
0.00893 × 7850     = 70.1 kg
```

Shiti moja ni kilo 70 hivi. Pikapu ya tani moja ni kilo 1000, gawa na 70.1 unapata 14 na kitu, kwa hivyo shiti 14, ambazo ni kilo 981. Shiti ya 15 inakupitisha tani, na hapo bado hujahesabu dereva na vijana wawili watakaa nyuma washikilie mzigo, hao pia ni kilo. Mimi ningepakia 12. Mteja akiuliza, "Fundi, hii gari itabeba shiti ngapi?" unamjibu tu, "Bosi, kumi na mbili, zingine tunafuata na tripu ya pili," na unaweza kumwonyesha hesabu akiuliza ni kwa nini.

Angalia vile makosa ya hatua ya tatu yangetoka hapa. Ukiacha 7.85 bila kubadilisha, shiti inakuwa kilo 0.07, yaani gramu 70, hiyo utaona mara moja ni upuzi. Ukizidisha na milioni inakuwa tani 70, hiyo pia inajitoa yenyewe. Ile mbaya ni ya kuzidisha na 100. Hiyo inakupea kilo 7 kwa shiti, na kilo 7 ni namba inakaa kama ya kweli kwa mtu hajawahi kubeba shiti, ataandika kwa daftari aende, na gari la tani moja ataliwekea shiti 140. Kwa hivyo usiamini jibu juu tu halishtui, jiulize mtu mmoja anaweza inua hii kitu peke yake? Shiti ya milimita 3 ya 8 kwa 4 watu wawili wanaibeba wakihema.

Kama bado uko na wasiwasi, fanya hesabu yote upya kwa sentimita bila kubadilisha densiti:

```
244 × 122 × 0.3 = 8930 cm³
8930 × 7.85     = 70100 g
```

Gramu 70,100 ni kilo 70.1. Njia mbili zimekutana, hiyo ndo risiti yako kwamba ulibadilisha vizuri. Zikikosa kukutana, kosa liko kwa yuniti, usilitafute kwa kalkuleta.

Hatua ya tano, pima kipande kwa mizani

Hii napenda sana juu inatoa densiti kwa karatasi inaileta mkononi, na inaweza kukuokolea pesa. Kuna shiti zinauzwa kama milimita 3 na hazifiki. Kwa macho huwezi jua, na tepu ya kawaida haiwezi kukuonyesha tofauti ya robo milimita. Mizani ya jikoni inaweza.

Mwambie fundi akukatie kipande cha sentimita 10 kwa 10 kutoka kwa mabaki ya shiti hiyohiyo. Pangusa mafuta, piga msasa kama kuna kutu nene, ondoa makombo ya kukata kwa kingo. Kipande hicho kikiwa milimita 3 kamili ujazo wake ni 10 × 10 × 0.3, sentimita 30 za ujazo, na 30 mara 7.85 ni gramu 235.5. Kwa mita ni 0.1 × 0.1 × 0.003 × 7850, inatoka kilo 0.2355, kitu ileile.

Sasa weka kwa mizani. Tuseme imesoma gramu 215. Rudi nyuma na densiti: 215 gawa na 7.85 ni 27.4 cm³, na kwa kuwa uso wa kipande ni sentimita 100 za mraba, unene ni sentimita 0.274, yaani milimita 2.74. Shiti nzima ya unene huo ni kilo 64 badala ya 70. Kilo sita za chuma hazipo kwa kila shiti na umelipa bei ya milimita 3.

Kabla uende kugombana na mwenye duka, kumbuka viwanda huwa na ruhusa kidogo ya unene kupanda ama kushuka, kwa hivyo tofauti ndogo ni ya kawaida. Na angalia vile ulikata. Mizani ya jikoni ikikosea gramu moja, unene unabadilika kama sehemu moja ya mia ya milimita tu, hiyo si kitu. Lakini upande mmoja wa kipande ukikosea milimita moja, yaani 99 badala ya 100, umeshapoteza asilimia moja, na pande zote mbili zikikosea hivyo ni asilimia mbili, unene wako utatoka 2.94 na shiti haina shida yoyote. Kwa hivyo kipande kikishakatwa kipime pande zote kwa vania, tumia vipimo vile umepata kwenye hesabu, usiandike 10 juu tu uliomba 10.

Ile 162 ya nondo imetoka hapahapa

Ukiwa kwa mjengo utasikia fundi wa nondo akisema uzito wa nondo kwa mita ni unene kwa milimita, zidisha kwa wenyewe, gawa na 162. Wengi wanaitumia kila siku bila kujua ni hii 7850 imevaa nguo zingine. Chukua nondo ya milimita 12. Nusu ya unene ni mita 0.006. Uso wa duara ni 3.1416 × 0.006 × 0.006, ambayo ni mita za mraba 0.0001131. Mita moja ya urefu mara 7850 inatoka kilo 0.888. Kwa njia ya fundi, 12 × 12 ni 144, gawa na 162 ni 0.889. Zinatofautiana kwa gramu moja juu mtu alifupisha 162.2 kuwa 162. Nondo nzima ya mita 12 ni kilo 10.7 hivi.

Na ndo maana hiyo 162 haifanyi kazi kwa bomba ya shaba ama fimbo ya alumini. Densiti ya chuma imefichwa ndani yake. Ukibadilisha kifaa lazima urudi kwa jedwali, uzidishe na 1000 upya, uanze kwa duara.

Kama unabadilisha jedwali lote kwa kompyuta

Weka majina kwa safu ya A, namba za g/cm³ kwa safu ya B, na kwa C2 andika:

```
=B2*1000
```

Vuta chini. Kitu moja ya kuangalia, seli za B ziwe na namba tupu. Ukinakili kutoka mahali na seli ikasema "7.85 g/cm³" na herufi zake, kompyuta inaichukua kama maneno na itakurudishia `#VALUE!`. Andika yuniti kwa kichwa cha safu mara moja na seli zibaki safi.

Na majedwali ya Wajerumani na Wafaransa hutumia mkato mahali sisi tunaweka nukta, kwa hivyo 7,85 yao ni 7.85 yetu. Kibaya zaidi ni Wajerumani kuandika 7.850 wakimaanisha elfu saba mia nane na hamsini, nukta yao ikiwa ya kutenganisha maelfu. Hapo ukizidisha na 1000 unapata 7850 na unajiona uko sawa, kumbe jedwali lilikuwa tayari kg/m³ na umebahatika tu kompyuta kuisoma kama saba nukta nane tano. Ukifika kwa risasi iliyoandikwa 11.340 na mahali pengine zebaki imeandikwa 13600 bila nukta, safu yako itachanganyika. Kwa hivyo baada ya kuvuta, rudi kwa mstari wa maji kwenye safu mpya. Isome 1000 ama 998. Ikiwa 1,000,000 ama 1, futa uanze tena.

Mchanga na kokoto, jedwali linaweza kuwa sawa na wewe ukakosea

Hapa ndo nataka ukae kidogo, hasa kama unajenga. Ukitafuta mchanga kwenye jedwali la madini utapata 2.65. Ukizidisha vizuri ni 2650 kg/m³. Kubadilisha umebadilisha sawa kabisa, lakini hiyo ni densiti ya punje yenyewe, jiwe la mchanga bila hewa. Mchanga unaomwagwa na tipa umejaa nafasi katikati ya punje, na ukiwa mkavu bila kushindiliwa ni kama 1.6, yaani 1600 kg/m³. Kwa mita 5 za ujazo hiyo ni tani 8 dhidi ya tani 13 na robo. Ukiambia dereva wa lori kutoka Machakos ni tani 13, atakataa mzigo ambao angebeba, na ukifanya kinyume, uhesabu kidogo kwa kitu kizito, mtajuliana kwa mizani ya malori pale Mlolongo.

Majedwali mazuri huwa na mistari miwili, moja ya kitu chenyewe na moja ya kitu kikiwa kimemwagwa. Soma maneno madogo kando ya jina. Simiti, kokoto, ngano, makaa, vitu vyote vya punje ama unga viko na shida hii. Chuma, kioo na maji haviko nayo.

Ukikosa jedwali la kuaminika, pima mwenyewe. Chukua ndoo ya rangi ya lita 20, ipime ikiwa tupu, halafu ijaze maji mpaka mdomoni upime tena. Ukitoa uzito wa ndoo, maji yanafaa kuwa kilo 20. Yakiwa kilo 21, ndoo yako ni ya lita 21, na utatumia 21. Mwaga maji, kausha, jaza mchanga bila kugongagonga wala kukanyaga, juu kwenye lori haujakanyagwa, sawazisha juu kwa ubao, pima. Tuseme ndoo ni ya lita 20 kamili na mchanga umekuja kilo 32. Gawa 32 na 20 unapata 1.6 kg/L, na tulishasema kg/L ni namba ileile kama g/cm³, kwa hivyo zidisha na 1000, uko na 1600 kg/m³ ya mchanga wako wewe, si ya kitabu. Pima ndoo tatu kutoka sehemu tofauti za rundo, za juu zilizokauka na za chini zenye unyevu, zitakuja tofauti, na kama mvua ilinyesha usiku pima upya asubuhi kabla lori lipakie.